Jiko la Wasikh wa Makindu

Mtu akitoka mji wa Kinango akaelekea kaskazini, akavipita vichaka vya miiba ambavyo tangu zamani vimeitwa nyika, mwishowe atafika penye reli. Hiyo ndiyo reli ya zamani iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, nayo yapita Samburu, Taru na Mackinnon Road kabla ya kuiacha nchi yetu na kuelekea Voi. Nyika ya Taru ilikuwa mtihani wa kwanza mkubwa kwa wajenzi. Maji hayakupatikana, ikawalazimu kuyaleta kwa gari la moshi kutoka nyuma, juu ya reli ile ile waliyokuwa wameitandika jana na juzi. Siku gari lilipochelewa, watu walipata kiu, wala hapakuwa na kisima cha kukimbilia.

Wengi wa wajenzi hao walitoka Bara Hindi, na wengi wao zaidi katika jimbo la Panjabi. Kwa jumla walioandikwa kazi huko wakaletwa kwetu walipata 32,000 hivi. Watu kama 2,500 walikufa kwa maradhi na ajali, na kama 6,700 walibaki katika Afrika ya Mashariki baada ya kazi kwisha. Hawakuwa wa dini moja. Walikuwamo Waislamu, kama yule msimamizi Seyyid Baghali ambaye kaburi lake liko Mackinnon Road kando ya reli, na wasafiri husimama hapo hata leo kumwombea dua. Walikuwamo Wahindu. Na walikuwamo Wasikh, mafundi wenye ndevu ndefu na vilemba, ambao wenyeji waliwaita Makalasinga. Jina hilo, kama isimuliwavyo, lilitokana na mfanyabiashara wao mmoja aliyejulikana sana, Kala Singh, kisha likawaenea wote.

Wasikh hao wengi wao walikuwa maseremala, wahunzi na waashi. Walibeba misumeno na nyundo zao, na pamoja nazo walileta desturi moja ambayo ndiyo habari ya insha hii. Desturi hiyo ni ya kula. Huenda msomaji akashangaa kwamba kula chakula kwaweza kuwa fundisho la dini, tena fundisho kali lililowaudhi watu wengi. Ili kulielewa, hatuna budi kuiacha reli kwa muda na kwenda Panjabi, miaka zaidi ya 400 kabla ya reli kujengwa.

Katika mwaka wa 1469 alizaliwa katika kijiji cha Talwandi, ambacho sasa kimo katika nchi ya Pakistani, mtoto aliyeitwa Nanak. Yeye ndiye guru wa kwanza wa Wasikh, na neno guru maana yake ni mwalimu wa mambo ya roho. Wakati ule watu wa Bara Hindi waligawanyika katika matabaka ya kuzaliwa. Mtoto wa kuhani alikuwa kuhani, mtoto wa mtengeneza ngozi alikuwa mtengeneza ngozi, wala bidii au akili haikuweza kumtoa mtu pale alipozaliwa. Lakini jambo lililoyashikilia matabaka hayo siku kwa siku halikuwa kazi tu, bali lilikuwa chakula. Mtu wa tabaka la juu hakukubali wali uliopikwa na mtu wa tabaka la chini, wala maji yaliyoguswa na mkono wake. Alihesabu kwamba chakula hicho kimetiwa unajisi. Na Mhindu na Mwislamu nao, ijapokuwa waliishi kijiji kimoja, aghalabu hawakula pamoja.

Sasa fikiri, mwanafunzi. Kama utengano wa watu umejengwa jikoni, mwalimu atauvunja kwa hotuba? Anaweza kusema kila siku kwamba Mungu ni mmoja na watu wote ni wake, na wasikilizaji wakaitikia kwa kichwa, kisha kila mmoja akaenda kula kwake. Nanak alilifahamu hilo. Alisafiri miaka mingi, na mwenzake wa safari alikuwa Mardana, Mwislamu, mpiga kinanda cha nyuzi. Alipokwisha kusafiri alikaa katika kijiji cha Kartarpur, akalima shamba kwa mikono yake, na waliokuja kumsikiliza walikula pamoja kutokana na jasho la wote. Hapo ndipo asili ya langari, yaani jiko la wote linalotoa chakula bure kwa yeyote ajaye.

Nanak alifariki mwaka wa 1539. Hakumrithisha mwanawe kazi yake, bali alimchagua mfuasi wake mmoja, akampa jina la Angad. Mke wa Angad, Mama Khivi, ndiye aliyeliongoza jiko, na jina lake limesifiwa katika kitabu kitakatifu cha Wasikh kwa ajili ya chakula alichowapikia watu. Napenda kulitaja jambo hili kwa sababu vitabu vya historia vina tabia ya kuyakumbuka majina ya waliokula na kuyasahau ya waliopika.

Guru wa tatu, Amar Das, ndiye aliyelifanya jiko kuwa sheria. Alishika nafasi hiyo mwaka wa 1552 akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Kabla ya hapo, husimulia Wasikh, alikuwa akiamka kabla ya mapambazuko kila siku kwenda mtoni kumtekea maji mwalimu wake, Angad, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa umri. Kwa watu wa Kinango, ambako kila mtu ajua uzito wa mtungi wa maji na umbali wa bwawa wakati wa kiangazi, habari hii haihitaji maelezo mengi, isipokuwa moja. Kwetu kazi ya kuteka maji huachiwa wanawake na watoto. Mzee mwenye wajukuu akijitwika mtungi, watu watauliza kuna nini. Na huko Panjabi waliuliza vile vile, wengine wakamcheka. Huduma ya namna hiyo, inayofanywa bila ujira na bila kuchagua kazi ya heshima, Wasikh huiita sewa.

Amar Das alipokuwa guru alikaa Goindwal, akatoa amri kwamba mtu asiletwe mbele yake kabla hajakaa katika mstari akala. Mstari huo huitwa pangati. Watu huketi chini, bega kwa bega, na kila mmoja huketi pale alipofika. Hakuna mahali pa mbele pa wakubwa wala pa nyuma pa wadogo, na wote hupakuliwa chakula kilichotoka chungu kimoja. Tazama jinsi amri hiyo ilivyofanya kazi. Kuhani aliyetaka kumwona guru ilimbidi kwanza ale chakula kilichopikwa na mtu asiyemjua, labda mfua nguo, labda mfagiaji, na huku bega lake limegusana na bega la mtu ambaye nyumbani kwake asingemruhusu kuvuka kizingiti. Kama hakuweza, alirudi alikotoka. Hakulazimishwa na mtu, ila hakupata njia ya pembeni.

Wasikh husimulia kwamba hata Akbar, mfalme mkuu wa Bara Hindi aliyetawala tangu 1556 hadi 1605, alipokwenda Goindwal aliketi chini katika mstari akala kama wengine. Husimulia tena kwamba mfalme alipendezwa, akataka kutoa ardhi kwa ajili ya gharama za jiko, naye Amar Das akakataa, akasema kwamba jiko hulishwa na watu wenyewe siku kwa siku. Kwa maoni yangu jibu hilo lina maana zaidi kuliko ile habari ya mfalme kuketi chini. Jiko likilishwa na mfalme, chakula huwa ni sadaka ya mkubwa kwa wadogo. Likilishwa na wote, mlaji wa leo ndiye mtoaji wa kesho, na huyo maskini aketiye mstarini hana mtu wa kumwinamia kwa shukrani. Hata leo Msikh hufundishwa kutoa fungu la kumi la mapato yake kwa ajili ya wengine.

Lipo jambo jingine ambalo nitalipita kwa haraka, ijapokuwa ni kubwa katika historia yao. Katika mwaka wa 1699, huko Anandpur, guru wa kumi, Gobind Singh, aliwachagua watu watano waliokuwa tayari kutoa roho zao. Mmoja wao alikuwa mtu wa kubeba maji, na mwingine alikuwa wa jamii ya vinyozi. Aliwanywesha wote kutoka bakuli moja, kisha yeye mwenyewe akaomba wamnyweshe. Tangu hapo wanaume walioingia katika jamii hiyo waliitwa Singh, yaani simba, na wanawake Kaur, kwa sababu jina la ukoo lilikuwa likitangaza tabaka la mtu kabla hajafungua kinywa.

Basi turudi kwenye reli. Wajenzi waliiacha nyika ya Taru, wakapita Voi na Tsavo, ambako mwaka wa 1898 simba wawili waliwaua wengi wao, wakafika Makindu, katika nchi ya Wakamba, zaidi ya kilomita 200 mbele ya Mackinnon Road. Makindu palifanywa kituo cha kutengenezea injini na magari, kwa hiyo mafundi wengi walikaa hapo. Jioni, baada ya kazi, Wasikh walikusanyika chini ya mti kuimba sifa za Mungu, na husimuliwa kwamba Wahindu na Waislamu wenzao wa kazini walikuja kukaa pamoja nao. Mahali hapo penye mti, katika mwaka wa 1926, palijengwa gurudwara, yaani nyumba ya ibada ya Wasikh. Baadaye kazi za reli zilipungua Makindu, mafundi wakahamia kwingine, na nyumba ile ikabaki na watu wachache wa kuiangalia. Haikufa, kwa sababu barabara kuu ya Mombasa na Nairobi hupita karibu. Abiria wa gari la moshi walipopungua, wasafiri wa barabarani waliongezeka, na jiko likapata walaji wapya.

Atakayeshuka hapo leo ataona mambo yenyewe jinsi yalivyo. Mlangoni huvua viatu na kufunika kichwa kwa kitambaa, mwanamume na mwanamke sawasawa. Tumbaku na pombe haviruhusiwi kuingia. Hunawa mikono, huchukua sahani ya chuma, na hupewa chapati, dengu au maharagwe, mboga, wali na chai. Hakuna anayemwuliza dini yake wala kabila lake, na hakuna hati ya malipo. Sanduku la sadaka lipo, na mtu akitaka hutia, asipotaka hupita. Dereva wa lori aliyelala vibaya njiani na mwenye gari la fahari hupata chapati ile ile. Mlaji huruhusiwa kuongezewa mpaka ashibe, lakini huombwa asitupe chakula, kwa kuwa kila kilichomo sahanini kimetolewa na mtu na kupikwa na mtu.

Mtu wa Pwani atauliza upesi: na nyama? Haipikwi. Si kwamba Wasikh wote hawali nyama, maana wako wengi wanaokula majumbani mwao. Sababu ni kwamba katika chakula cha wote, kila mgeni apate kula bila kuitia dhamiri yake katika shaka. Mwislamu ana sheria zake za kuchinja, na Mhindu hali ng'ombe, na mwingine hali kitu chochote chenye damu. Nyama ya aina yoyote ingemwinua mtu fulani kutoka katika mstari. Dengu haimwinui mtu. Ni jambo dogo, lakini laonyesha kwamba waliolianzisha jiko hili walijua kwamba huwezi kuwaita watu wote kisha ukawaandalia chakula cha baadhi yao.

Sisi nasi tuna desturi zetu za kula pamoja, na si vibaya kuzilinganisha. Katika arusi na matanga ya Pwani watu huzunguka sinia moja, na atakayekwenda nyumba ya Mduruma wakati wa sima hataachwa atazame tu. Lakini tukichunguza tutaona kwamba wazee wana mahali pao na vijana pao, wanaume pao na wanawake pao, na mara nyingi sinia lenye nyama nyingi hujua njia ya kwenda kwa mheshimiwa. Ukarimu wetu huanza na kumpa kila mtu heshima inayolingana na cheo chake. Mstari wa Wasikh waanza upande wa pili, kwa kukiondoa cheo kwanza. Tena sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko gurudwara mgeni hahesabiwi siku ili apewe jembe, ila sahani chafu ziko pale na maji yako pale, na atakaye kuosha hata saa ile ile ya kwanza hakatazwi. Hiyo nayo ni sewa, na tajiri anayeosha vyombo hapo haosheshwi kwa adhabu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Wasikh wameshinda kabisa adui aliyepigwa vita na Nanak. Matabaka yalivuka bahari pamoja nao. Mafundi, maseremala na wahunzi, ambao huitwa Ramgaria, walijenga gurudwara zao mbali na za wengine katika miji ya Kenya, na wazazi wengi waliendelea kuuliza tabaka la mchumba kabla ya kuuliza tabia yake. Watu hao hao walikula katika mstari mmoja siku ya ibada, kisha wakatengana katika ndoa. Na nje ya mlango wa gurudwara serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka matabaka yake: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, katika mishahara, hospitali, shule na mabehewa ya gari la moshi. Fundi wa Kisikh aliyekwisha kula dengu bega kwa bega na mtu yeyote alirudi kazini akapokea mshahara mkubwa kuliko wa Mwafrika, na mdogo kuliko wa Mzungu. Wengi walinyamaza.

Mmoja ambaye hakunyamaza alikuwa Makhan Singh, mwana wa fundi wa Kisikh, aliyezaliwa Panjabi mwaka wa 1913 na kuletwa Kenya mwaka wa 1927. Mwaka wa 1935 alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, naye akataka chama hicho kifunguliwe kwa watu wa rangi zote, na ikawa hivyo. Mwaka wa 1949, pamoja na Fred Kubai, aliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1950 alisema hadharani Nairobi kwamba nchi hizi zipewe uhuru kamili, na muda si muda akakamatwa, akakaa kizuizini mpaka 1961. Singependa kusema kwamba ni jiko la Wasikh lililomfanya hivyo, maana yeye mwenyewe alifuata siasa ya kikomunisti. Nasema tu kwamba swali alilolishika, kama watu wa rangi mbalimbali waweza kuwa katika mstari mmoja hata nje ya nyumba ya ibada, ni swali ambalo mstari wenyewe huliuliza.

Na mstari huo, jinsi ulivyo rahisi kuonekana, huweza kuharibika kwa mambo madogo. Katika miaka ya 1990 Wasikh wa Kanada, katika jimbo la British Columbia, waligombana vikali kwa sababu ya meza na viti. Wengine walisema nchi ni ya baridi, wazee wana magoti mabovu, na kwa miaka mingi wamekula mezani katika gurudwara zao bila madhara. Wengine walijibu kwamba kiti ndicho mwanzo wa cheo, kwa kuwa hakuna meza isiyo na mahali pa mbele. Mwaka wa 1998 wakuu wa dini huko Amritsar waliamuru kwamba katika langari watu waketi chini. Baadhi ya gurudwara zilitii, nyingine zikakataa. Kwa mtu wa nje ugomvi huo waweza kuonekana kama mchezo wa watoto. Lakini anayeujua mwanzo wake, na amri ya mzee Amar Das, ataelewa kwa nini watu wazima walikuwa tayari kufikishana mahakamani kwa ajili ya kiti. Ni kweli kwamba magoti ya wazee nayo yana haki yake, na katika gurudwara nyingi mzee au mgonjwa asiyeweza kuinama huwekewa benchi kando, bila mtu kumlaumu.

Njia ya kulipima jiko la namna hii, basi, si kuhesabu watu waliolishwa. Watawala wengi wamewalisha watu wengi. Mwenye kutaka kujua na atazame mambo matatu yanayoonekana kwa macho: mgeni mheshimiwa anapofika huketi wapi, chakula chake chatoka chungu kipi, na vyombo vyaoshwa na nani. Makindu, katika siku za mapumziko, huonekana familia zilizosafiri kutoka Nairobi na Mombasa, wenye maduka na madaktari pamoja na watoto wao, wamekunja mikono ya nguo zao mbele ya maji ya sabuni, na pembeni yao rundo la sahani za chuma zilizotumiwa na madereva, makuli na abiria wa mabasi, ambao kwa wakati huo wamekwisha kuondoka zao.